Pikipiki Iliyozima kwenye Mvua: Maji Ndani ya Kofia ya Plagi

Kila masika jijini Dar es Salaam utawaona vijana wa pikipiki wamesimama kwenye vibaraza vya maduka, kiti kimeinuliwa, mmoja anapiga kiki na mwenzake anapuliza plagi kwa mdomo. Baada ya nusu saa injini inawaka, wanaondoka, na mvua ya kesho inawarudisha palepale. Wengi hukubali kwamba ndivyo pikipiki zilivyo, hazipendi maji. Ukweli ni kwamba injini iliyotunzwa hustahimili mvua kubwa kutwa nzima. Inayozima ina mahali panapopitisha maji, na mahali hapo panaweza kutafutwa hatua kwa hatua hata kando ya barabara, kwa spana ya plagi na kitambaa kikavu.

Tumfuate kijana mmoja mpeleka vifurushi tuone jinsi kazi hiyo inavyofanyika. Ni mwezi wa nne, saa kumi jioni. Ametoka Kariakoo kwa mchapaji na boksi la kadi za harusi zinazosubiriwa Sinza, amelifunga kwa nailoni mara mbili. Pikipiki yake ni ya kawaida: silinda moja, sisi 125, inatumia kabureta na injini yake inapoozwa kwa upepo. Jangwani amevuka salama, maji hayakufika hata kwenye sehemu ya kukanyagia. Lakini mvua inampiga usoni, na tairi la mbele linarusha maji moja kwa moja kwenye injini.

Anapopanda kuelekea Magomeni injini inaanza kukatakata. Akivuta mafuta kwa nguvu inakohoa, akilegeza mkono inatulia kidogo. Mwendo mfupi mbele inazima kabisa. Taa ya mbele bado inawaka na honi inalia. Anapiga kiki mara kadhaa, haishiki, na harufu ya petroli inaanza kumfikia puani.

Hapo tayari pikipiki imeshamweleza mengi. Taa na honi zikifanya kazi, betri haijafa. Harufu ya petroli inaonyesha kwamba mafuta yanafika ila hayaungui. Na ile tabia ya kukohoa anapovuta mafuta ndiyo dalili kubwa kuliko zote, ingawa ili kuielewa inabidi kwanza kujua umeme wa plagi unavyosafiri.

Koili huchukua umeme mdogo wa pikipiki na kuukuza hadi zaidi ya volti 10,000. Umeme huo hupita kwenye waya mnene, huingia kwenye kofia inayovikwa juu ya plagi, hushuka katikati ya plagi, kisha huruka mwanya mdogo ulioko kwenye ncha, ambao kwa pikipiki nyingi ni kama milimita 0.7. Mruko huo ndio cheche inayowasha mchanganyiko wa petroli na hewa. Umeme wenye nguvu kiasi hicho hufuata njia iliyo rahisi zaidi kwake. Kauri nyeupe ya plagi na mpira wa kofia vimewekwa makusudi kuziba njia nyingine zote. Maji yakiingia ndani ya kofia, hasa maji ya barabarani yenye vumbi na chumvichumvi, hutandaza utando mwembamba juu ya kauri ile. Umeme huteleza kwenye utando huo hadi kwenye chuma cha injini, na ncha ya plagi inabaki bila cheche.

Sasa ile dalili ya kukohoa inaeleweka. Dereva akivuta mafuta, mchanganyiko mwingi zaidi huingia kwenye silinda na mgandamizo huongezeka. Kadiri hewa inavyogandamizwa ndivyo cheche inavyopata shida kuruka. Akienda polepole, mwanya wa plagi bado ni njia rahisi kuliko utando wa maji. Akibana mafuta, utando unakuwa njia rahisi zaidi, na mlipuko unakosekana.

Paa la karibu ni la kituo cha mafuta, lakini hapo si mahali pa kutafuta cheche. Anaisukuma mpaka kwenye kibaraza cha duka lililofungwa, ambako mlinzi mmoja mtu mzima ameketi kwenye benchi.

“Shikamoo mzee. Naomba nijihifadhi hapa nikiangalie chombo.”

“Marahaba mwanangu, sogeza ndani. Ila usiendelee kuipiga kiki hivyo, utaijaza mafuta.”

Mzee ana haki. Kila kiki isiyowasha inaongeza petroli ndani ya silinda. Kijana anampigia dada anayesubiri kadi, anamweleza kwamba amekwama Magomeni na kwamba mzigo haujalowa, kisha anafuta mikono ikauke. Umeme wa plagi hupiga vibaya mkono uliolowa.

Anavua kofia na kufungua plagi. Ncha imelowa, na analowesha kidole aone ni nini. Kimiminika kina harufu kali na kinakauka upesi, kwa hiyo ni petroli. Kama yangekuwa maji, yangesimama kama vitone juu ya chuma bila kukauka. Kwa kitendo hicho kimoja, tangi, koki ya mafuta na kabureta vinawekwa kando. Anafuta plagi, anazima swichi na kupiga kiki taratibu mara chache huku tundu likiwa wazi, ili petroli iliyozidi itoke, kisha anaziba tundu kwa kitambaa.

Halafu anairudisha plagi ndani ya kofia, anailaza ili chuma chake kiguse injini, mbali na tundu, maana mvuke wa petroli ukikutana na cheche huwaka. Anashika kofia kwa kitambaa kikavu, anawasha swichi na kupiga kiki. Cheche inatoka hafifu, rangi ya machungwa, na kiki inayofuata haitoi chochote. Lakini kibaraza kina giza, na gizani anaona kitu ambacho mchana asingekiona: uzi mwembamba wa bluu unaruka kutoka ukingo wa kofia kwenda kwenye chuma, ukifuatana na mlio mdogo, tik, tik.

Wengi wakifika hapa hukimbilia kukausha kila kitu kwa pamoja. Wakifanya hivyo injini itawaka, lakini hawatajua ni nini kilichoiponya. Kijana wetu anaondoa kitu kimoja tu. Anaizungusha kofia kinyume cha saa mpaka inaachana na waya, kwa kuwa kofia nyingi hushikwa kwenye waya kwa skrubu ndogo iliyo ndani. Kwa koleo lenye mpini wa mpira anashika waya, ncha yake ikiwa kama milimita 5 kutoka kwenye chuma cha injini, na kupiga kiki. Cheche inaruka ya bluu, nene, kwa mlio mkali. Basi koili ni nzima na waya ni mzima. Umbali huo ni muhimu, kwa sababu waya ukiachwa mbali na chuma umeme hukosa pa kutokea na unaweza kuiharibu koili yenyewe. Anagusisha waya kwenye kichwa cha plagi moja kwa moja na kupiga tena. Cheche ya bluu inatokea kwenye ncha. Plagi nayo ni nzima. Kilichobaki ni kofia peke yake.

Anaikung'uta juu ya kiganja, na matone ya maji ya kahawia yanatoka. Anaubinya mpira wa mdomoni na kuona ufa, upande uleule unaotazama tairi la mbele.

Maji hayakuingia kwa kurushwa tu. Injini ikiwa ya moto, hewa iliyo ndani ya kofia hutanuka na sehemu yake hutoka. Mvua ya baridi ikiipiga ghafla, hewa iliyobaki husinyaa na kofia hufyonza kile kilichoko mlangoni, ambacho wakati huo ni maji. Ndiyo maana ufa mdogo kama huo hausumbui siku ya jua, wala wakati wa kuosha injini ikiwa imepoa.

Kijana anafuta kofia ndani mpaka ikauke, anafuta kauri ya plagi, anakata kipande cha milimita 5 cha waya ili skrubu ishike shaba mpya, kisha anaifunga kofia. Injini inawaka kwa kiki ya pili. Anamshukuru mzee na kuondoka, safari hii kwa mwendo wa taratibu, akijua kwamba ufa bado upo.

Asubuhi ananunua kofia ya aina ileile kwa fundi. Kabla ya kuitupa ya zamani, fundi anamwonyesha mstari mweusi mwembamba uliochorwa ndani yake. Umeme unapoteleza mara nyingi juu ya utando wa maji huunguza njia yake na kuacha mkaa, na mkaa hupitisha umeme hata pakiwa pakavu. Kofia ikifikia hali hiyo, kuifuta hakusaidii tena. Plagi pia inakaguliwa kama kauri yake ina mstari kama huo. Mpira wa kofia mpya unapakwa ndani ya mdomo grisi nyembamba ya silikoni, ambayo haipitishi umeme na huzuia maji.

Jioni, injini ikiwa ya moto na ikizunguka polepole, anainyunyizia kofia maji kwa chupa bila kugusa waya. Hakuna uzi wa bluu wala mlio, na injini haiyumbi. Anavuta mafuta kidogo, nayo inapokea bila kukohoa. Hapo ndipo anaweza kusema tatizo limekwisha.

Si kila pikipiki inayozima kwenye mvua ina ugonjwa huu. Waya ulioachana na kofia ukikosa cheche, hitilafu iko nyuma zaidi: swichi ya kuzimia injini iliyolowa, viunganishi vya nyaya, au koili yenyewe. Cheche ikiwa nzuri na plagi ikatoka kavu au na vitone vya maji, fungua skrubu ya chini ya bakuli la kabureta na umwage kilichomo kwenye chombo kinachopitisha mwanga ili uone kilichomo. Maji yatajikusanya chini ya petroli. Na kama pikipiki ilipita kwenye maji ya kina na kiki ikagoma kushuka, usiilazimishe. Huenda maji yamejaa kwenye silinda, na kwa kuwa hayabanwi, nguvu yako itapinda vyuma vya ndani. Fungua plagi kwanza yapate pa kutokea.

Katika hali zote hizo kanuni ni moja. Toa kitu kimoja, pima, kisha endelea na kingine. Pikipiki iliyowaka kwa sababu imekauka haijapona mpaka mahali maji yalipoingilia pajulikane na pazibwe.