Dumu la Bei Poa: Tazama Sili Kabla ya Lebo

Dukani kuna madumu mawili ya lita 5, lebo moja. Tuseme la kwanza ni shilingi 35,000 na la pili 30,000. Mafuta ya kupima hapo hapo ni 6,000 kwa lita.

Wengi huanza kukagua lebo, na kwa bidhaa ya kughushi hilo husaidia: rangi hufifia, herufi ndogo za viambato husomeka kwa shida, alama ya ubora haina ukali. Lakini dumu lililojazwa upya ni dumu halisi lenye lebo halisi, limenunuliwa tupu tu. Chapa haitakuambia kitu, isipokuwa tarehe ikiwa imefutwa kwa kimiminika na kuandikwa tena. Hapo utaona ukungu kwenye plastiki, au nukta za wino zilizovurugika.

Kinachosema kweli ni mfuniko. Pete iliyo chini yake hushikwa na vijiti vyembamba vya plastiki vinavyokatika unapoufungua mara ya kwanza. Izungushie macho pande zote: kijiti kilichokatika, tone la gundi, au pete inayocheza peke yake ni sababu ya kulirudisha. Kwa aina zenye karatasi ya fedha mdomoni, karatasi hiyo hugandishwa kiwandani kwa joto, kwa hiyo ukilipindua dumu na kulibinya kidogo, mafuta hayapaswi kujitokeza.

Kisha lipime. Lita moja ya mafuta ni takriban gramu 910, hivyo lita 5 ni kama kilo 4.55, bila uzito wa dumu. Ukishatoa uzito huo, ukabaki na kilo 4.1, umepata lita 4.5. Lile la 30,000 sasa ni karibu 6,670 kwa lita. Mafuta ni yale yale ya kupima, ila umeyalipia zaidi kuliko angekupimia muuzaji mbele ya macho yako. Kama fedha haitoshi kwa lile la 35,000, mimi ningenunua ya kupima kwa muuzaji ninayemwamini kuliko hilo.

Kwa maziwa ya unga, weka pakiti mbili za aina moja bega kwa bega. Mshono wa kiwandani una upana mmoja na mistari iliyonyooka. Pakiti iliyofungwa upya huwa fupi kidogo, au ina mshono wa pili uliokunjamana kwa joto la pasi. Kwenye kopo, tazama na kitako, si mdomo pekee, kwani huko ndiko kunakoweza kufunguliwa bila kugusa sili ya juu.

Usilikatae dumu kwa sababu mafuta yameganda. Ya mawese huganda kwenye baridi ya Njombe au Mbeya, hata yakiwa halali kabisa.