Kwa Nini Ubao wa Magoli Ulikatika Kila Dakika

Waliohudhuria michezo ya mabweni muhula huu watakumbuka kioja cha ubao wa matokeo tuliouweka bwaloni. Siku ya mpira wa kikapu ulikwenda barabara. Kesho yake, siku ya kandanda, bweni letu lilifunga goli, lakini ubao ukaendelea kuonyesha 0–0 hata kipenga cha mwisho. Wazazi waliokaa bwaloni waliondoka wakiamini tumetoka sare, nasi wa chama cha kompyuta tukazomewa. Mhariri ameniomba nieleze kisa chake.

Kwa kawaida kivinjari huuliza, seva hujibu, na mazungumzo yamekwisha. Ubao wetu wahitaji njia ibaki wazi, ili programu iliyomo katika seva iseme "goli!" bila kuulizwa. Mazungumzo ya namna hii huitwa websoketi, na kanuni zake zilitolewa mwaka 2011. Lakini programu yetu haikai mlangoni. Mlangoni yupo bawabu, ndiyo proksi iitwayo nginx, naye hupokea maombi yote na kuyagawa: haya ya maktaba, haya ya ubao.

Bawabu huyo alitutatiza mara mbili. Mara ya kwanza ilikuwa juma moja kabla ya michezo. Ubao haukuunganika hata kidogo, na kivinjari kilionyesha namba 426. Kivinjari kitakacho websoketi huandika juu ya ombi lake `Upgrade` na `Connection`, kana kwamba chasema, "Tubadili namna ya kuzungumza." Maneno hayo ni ya hatua moja tu ya safari, bawabu hayapitishi ndani asipoamriwa. Basi programu ikapata ombi lisilo na maneno hayo, ikaliona ni la kawaida, ikalikataa. Tukamwamuru bawabu hivi:

```
proxy_http_version 1.1;
proxy_set_header Upgrade $http_upgrade;
proxy_set_header Connection "upgrade";
```

Jibu likawa 101, ndiyo alama kwamba pande zote zimekubali kubadili. Tukashangilia, tukidhani kazi imekwisha.

Baada ya aibu ya kandanda, mwalimu wetu alituuliza swali moja tu: "Mpira wa kikapu una nini ambacho kandanda haina?" Ndipo mwenzangu mmoja alipokumbuka kwamba neno "Imekatika" lilikuwa likitokea pembeni mwa ubao mara kwa mara wakati wa kandanda. Katika kikapu alikuwa ameliona wakati wa mapumziko tu.

Usiku ule tulifungua ubao, tukakaa kimya na saa mkononi. Sekunde ya 60, ukakatika. Tukarudia mara tatu, ikawa vile vile. Kisha tukaingia kwenye programu moja kwa moja, bila kupitia kwa bawabu; dakika kumi zikapita, haukukatika. Basi mkataji akajulikana. Na katika daftari la makosa la nginx mlikuwa na maneno haya: `upstream timed out`.

Sababu ni hii. Bawabu asiposikia neno lolote kutoka kwa programu kwa sekunde 60, hudhani hakuna mazungumzo tena, hufunga njia. Muda huo huitwa `proxy_read_timeout`. Katika kikapu pointi huja upesi, kimya hakifiki dakika. Katika kandanda kimya ndiyo hali ya kawaida. Ubao wetu ulijiunga tena baada ya sekunde 10, kwa hiyo katika kila sekunde 70 ulikuwa kiziwi kwa 10, yaani sehemu moja ya saba. Goli letu liliangukia humo. Na kwa kuwa programu ilitangaza goli mara moja tu, halikurudi tena.

Wengine walitaka tuongeze muda uwe saa nzima. Lakini waya ukichomoka kimya kimya, programu yaweza kukaa muda mrefu ikidhani bado ina msikilizaji. Tulichagua programu itume `ping` kila sekunde 25. Ni ujumbe mdogo usioonekana ubaoni. Kivinjari chenyewe huujibu kwa `pong`. Bawabu husikia sauti, huacha njia wazi. Na pong isiporudi, programu hujua kwamba msikilizaji ametoweka. Sharti ni moja: nafasi kati ya ping na ping iwe fupi kuliko subira ya bawabu mwenye haraka kuliko wote walioko njiani.

Hata hivyo ping hairudishi goli lililopotea, na umeme wetu mwaujua. Kwa hiyo sasa kila ubao unapojiunga upya, programu huupa kwanza matokeo yote kamili.

Tuliujaribu dakika 90 bila goli hata moja, haukukatika. Siku ya fainali umeme ulizimika bwaloni tukiwa nyuma 1–0. Uliporudi, ubao ulionyesha 1–1 kabla hatujasikia habari kutoka uwanjani.

Mwanafunzi wa Kidato cha Nne