Uso wa Jivu Siku ya Harusi

Likizo ya Agosti mwaka jana binamu yangu aliolewa hapa kwetu Huruma. Nilikuwa na madoa ya chunusi shavuni, lakini sikutaka faundesheni nzito, ile inayofanya uso uonekane kama ukuta uliopigwa plasta. Basi nikanunua krimu ya BB kibandani. Chumbani nilijiona malkia. Picha zilipotoka, lo! Uso kijivu, shingo kahawia. Shangazi akaniuliza ati nilitoka posho mili?

Dada mmoja wa saluni ndiye aliyenifungua macho. Kumbe kuna vitu vitatu vyepesi kuliko faundesheni, navyo si kimoja. Losheni yenye rangi ni losheni ya kawaida iliyotiwa rangi kidogo; humfaa mwenye ngozi kavu. Tinti ya ngozi ni majimaji mepesi zaidi, husawazisha rangi tu, na isiyo na mafuta humfaa mwenye uso unaong'aa kama mimi. Krimu ya BB ndiyo huficha zaidi kati ya hizo tatu. Ilianzishwa na daktari wa ngozi Mjerumani, Christine Schrammek, miaka ya 1960, ili kufunika ngozi iliyotoka kutibiwa. Baadaye ilivuma sana Korea Kusini.

Mbona basi ilinigeuza jivu? Krimu nyingi za BB hutolewa kwa rangi chache, tena za ngozi nyeupe. Isitoshe, nyingine zina oksidi ya zinki au ya titani ya kukinga jua. Hizo ni unga mweupe, na juu ya ngozi nyeusi weupe huo huonekana kijivu.

Siku hizi sinunui kabla ya kujaribu. Napaka mistari miwili ya rangi zinazokaribiana kutoka taya hadi shingoni, wala si mgongoni mwa mkono, kwa maana mkono na uso havilingani. Kisha natoka nje juani, kwani taa ya kibanda hudanganya. Nangoja kama dakika 10, kwa sababu nyingine hukolea zikikauka. Mstari ukipotea, hiyo ndiyo yangu. Ukibaki kijivu, naomba yenye wekundu au umanjano zaidi. Isipopatikana, narudi na pesa zangu.

Desemba tulipokuwa na sherehe nyingine, nilipaka tinti kidogo usoni kote, halafu nikagusa madoa peke yake kwa krimu ya kuficha madoa, nikiipigapiga kwa kidole. Safari hii uso na shingo vilikuwa ndugu.

Neno la mwisho: msitegemee namba ya kukinga jua iliyoandikwa kwenye chupa. Ili kuifikia, uso na shingo huhitaji karibu nusu kijiko cha chai, na hakuna anayepaka tinti nyingi hivyo. Chunusi nazo hufichwa tu, haziponi. Jioni nawa uso kabla ya kulala.