Kisa Kisichotaja Jina la Tatizo

Mama wa miaka 27 amejifungua mtoto wake wa tatu salama katika kituo cha afya. Saa moja baadaye anamwambia muuguzi wa zamu kwamba anasikia kizunguzungu na kiu. Kanga aliyolalia imelowa damu.

Hapo ukurasa wa kwanza unakwisha. Wanafunzi wanane wa uuguzi wameuzunguka mezani, na hakuna aliyewahi kufundishwa somo hilo. Ndivyo unavyoanza ujifunzaji unaotokana na tatizo, mtindo ulioanzishwa katika Chuo Kikuu cha McMaster, Kanada, mwaka 1969, kisha ukaenea katika vyuo vya afya duniani. Hotuba ya mwalimu haitangulii. Kisa ndicho kinachotangulia, na wanafunzi ndio wanaogundua wanachopaswa kwenda kukisoma.

Kazi ngumu ya mtunzi ni kuamua nini cha kuficha. Kisa hiki kikipewa kichwa "Kutokwa na damu nyingi baada ya kujifungua", kimeshakufa: wanafunzi watafungua kitabu kwenye sura hiyo na kunakili. Vivyo hivyo ukiweka vipimo vyote ukurasa wa kwanza. Acha waulize wenyewe, "Mapigo yake ni mangapi? Tumbo likoje?" Wakishauliza na kueleza kwa nini wanataka kujua, ndipo wapewe ukurasa wa pili: mapigo 118 kwa dakika, presha 100/60, mfuko wa uzazi ni laini, umepanda juu ya kitovu na umeegemea kulia. Mama hajakojoa tangu kabla ya kujifungua.

Kila namba hapo imewekwa kwa makusudi. Wanafunzi wengi wataitazama presha na kutulia, kwa kuwa haijashuka sana. Lakini mwanamke kijana mwenye afya anaweza kupoteza damu nyingi kabla presha yake haijaporomoka. Mapigo ndiyo yanayotangulia kupanda. Mapigo yakizidi namba ya juu ya presha, kama hapa, hali ni ya hatari. Nao mfuko wa uzazi ulioegemea upande unaashiria kibofu kilichojaa, kinachouzuia usijikaze. Ukurasa wa tatu unathibitisha: mkojo unatolewa kwa mpira, mfuko unasuguliwa, unakuwa mgumu, damu inapungua.

Mtunzi atashawishika kuongeza dawa ya oksitosini iliyoachwa nje ya friji, ilhali inatakiwa kukaa kati ya nyuzi 2 na 8. Ni jambo la maana, ila liwekwe kwenye kisa kingine. Malengo matatu au manne yanatosha kwa mikutano miwili.

Katika mkutano wa kwanza, mwanafunzi mmoja ni mwenyekiti na mwingine anaandika ubaoni. Nafasi hizi zizunguke kila kisa kipya, la sivyo mwenye sauti kubwa atakuwa mwenyekiti mwaka mzima. Mwenyekiti mzuri huanza na aliyekaa kimya. Mwandishi aandike kauli kama ilivyosemwa, hata anapoona si sahihi, kwa sababu dhana iliyokosewa ikifutwa mapema hakuna atakayekwenda kuichunguza. Wengine wote wana kazi ya kutoa dhana na kuzihoji. Mwisho wa mkutano kikundi kinakubaliana maswali ya kusoma, na kila mmoja anayasoma yote. Wakigawana swali moja moja, mkutano wa pili unageuka mfululizo wa vihotuba, na kila mtu anaondoka akijua kipande chake tu.

Mwezeshaji naye anahitaji mwongozo wa maandishi, hasa akiwa mkunga mzoefu, maana jibu analo mdomoni. Mwanafunzi atamgeukia: "Mwalimu, si ni mfuko wa uzazi haujajikaza?" Mwongozo umwelekeze kujibu, "Wenzako mnaonaje? Kitu gani kwenye ukurasa kinaonyesha hivyo?" kisha anyamaze. Uonyeshe pia malengo yanayotarajiwa, wakati wa kutoa kila ukurasa, na swali la kuuliza kikundi kikikwama: "Kwa nini umeegemea kulia?" Na uweke mpaka wa ukimya wake. Wakikubaliana, kwa mfano, kwamba mama aachwe apumzike hadi presha ishuke, asilipite: aombe ushahidi, liwe swali la kusoma, na mkutano wa pili usifungwe kabla halijasahihishwa.

Baada ya kikundi cha kwanza, mtunzi alinganishe maswali waliyojiwekea wanafunzi na malengo yaliyomo kwenye mwongozo. Ikiwa hakuna aliyefikiria kibofu, asikimbilie kuwalaumu. Huenda sentensi ya mkojo imefunikwa na vipimo vilivyoitangulia. Aipandishe juu ya presha, kisha akijaribu kisa kwa kikundi kinachofuata.