Duka Likae na Nani Kesi Ikisubiri?

Kesi ya upangaji ikifunguliwa leo, hukumu yake inaweza kuchukua miaka miwili au mitatu. Huku nyuma duka lazima liwe mikononi mwa mtu. Ama mpangaji ataendelea kuuza, ama mwenye jengo atabadilisha kufuli na kumwingiza mwingine. Amri ya zuio la muda ndiyo inayoamua jambo hilo, nayo hutolewa kabla shahidi hata mmoja hajasimama kizimbani. Jaji huwa na hati za viapo, viambatisho na hoja za mawakili, basi. Hajui bado nani mkweli.

Tuchukue mfano wa kubuni wa Mombasa. Mama mmoja anauza vitambaa na sare za shule. Ana mkataba wa miaka sita uliosajiliwa, ulioanza Januari 2022, kwa kodi ya shilingi 60,000 kwa mwezi. Mwaka wa nne mwenye jengo anamwandikia barua: umempangisha fundi cherehani pembe moja ya duka bila idhini yangu, mkataba umevunjika, hama ndani ya siku 14. Mama anajibu kwamba fundi yuko pale tangu mwaka wa kwanza, na mwenye jengo amekuwa akimpelekea suruali zake zipunguzwe. Mtaani pia inasemwa kwamba kuna mtu yuko tayari kulipa 110,000.

Swali la kwanza la wakili mzuri ni la mlango: twende wapi? Kenya ina sheria maalumu ya upangaji wa maduka, hoteli na mikahawa, Sura ya 301. Inamlinda mpangaji asiye na mkataba wa maandishi, mwenye mkataba usiozidi miaka mitano, au ambaye mkataba wake unaweza kukatizwa ndani ya miaka hiyo mitano bila kosa lake. Hao huenda kwenye baraza la kodi za majengo ya biashara, na notisi yao haiwezi kuwa chini ya miezi miwili. Mkataba wa mama huyu ni wa miaka sita na hauna kipengele cha kuukatiza, kwa hiyo baraza halimhusu. Yeye atakwenda mahakamani. Wengi hupoteza wiki za thamani kwa kubisha mlango usio wao.

Mahakamani atafungua kesi yenyewe, na pamoja nayo maombi ya zuio chini ya cheti cha dharura. Kipimo kinachotumika ni cha kesi ya Giella dhidi ya Cassman Brown, iliyoamuliwa na Mahakama ya Rufani ya Afrika Mashariki mwaka 1973. Mwombaji aonyeshe kwamba madai yake, kwa kuyatazama tu, yana uwezekano wa kushinda. Aonyeshe kwamba akinyimwa zuio ataumia kiasi ambacho fidia ya pesa haitatosha. Na mahakama ikiwa na shaka, iamue kwa mizani ya usumbufu. Tanzania, tangu kesi ya Atilio dhidi ya Mbowe ya 1969, mizani hiyo ni sharti kamili la tatu, si kimbilio la wakati wa shaka.

Katika sharti la kwanza mama yuko vizuri. Kifungu cha 75 cha Sheria ya Ardhi ya 2012 kinamtaka mwenye jengo atoe notisi isiyopungua siku 30, ataje kosa, na kama linarekebishika ampe mpangaji nafasi ya kulirekebisha. Barua ya siku 14 haifiki hapo. Zaidi ya hayo, mwenye jengo amepokea kodi miaka yote akimwona fundi. Jaji hahitaji kuamua kwamba mama atashinda. Inatosha kuona kwamba ipo haki inayoelekea kuvunjwa, na upande wa pili una la kujibu.

Ugumu uko kwenye sharti la pili. Wakili wa mwenye jengo atasema: hili ni duka, faida yake ina hesabu, akishinda atalipwa. Ni hoja nzito, na maombi mengi hufia hapo kwa sababu mwombaji ameandika “nitapata madhara yasiyofidika” akaishia hapo, kana kwamba maneno hayo yana nguvu ya dua. Yanahitaji ushahidi. Mama aambatishe oda za shule alizokwisha kuzipokea, taarifa za M-Pesa za miezi kadhaa, picha za makabati aliyojenga ukutani, na aeleze wateja wake wanamjua kwa mlango ule. Faida ya mwezi inahesabika. Wateja waliotawanyika, nani atawahesabu?

Tuseme jaji bado anasitasita. Hapo ndipo mizani inapoletwa, na hapo ndipo watu huielewa vibaya. Hupimi nani anatia huruma zaidi. Unapima kosa. Katika kesi ya Suleiman dhidi ya Amboseli Resort ya 2004, Mahakama Kuu ya Kenya ilisema jaji achague njia ambayo, ikija kuonekana kwamba alikosea, itakuwa imeleta dhuluma ndogo zaidi.

Basi tukosee pande zote mbili. Jaji atoe zuio, kisha mwenye jengo ashinde: amepoteza tofauti ya 50,000 kwa mwezi, yaani 600,000 kwa mwaka. Hesabu hiyo inalipika, na mahakama inaweza kumtaka mama aahidi kuilipa, au aweke dhamana. Sasa jaji akatae, kisha mama ashinde: makabati yamebomolewa, mpangaji mpya ana mkataba wake na hakuwa na ugomvi na mtu, na kumtoa ni kesi nyingine. Mizani inaelemea upande wa mama, ila kwa sharti kwamba aendelee kulipa kodi yake kila mwezi bila kuchelewa.

Badilisha jambo moja tu: mama ana deni la kodi ya miezi saba na hakulitaja katika kiapo chake. Hasara ya mwenye jengo sasa inakua kila mwezi dhidi ya mtu asiyeonyesha uwezo wa kuilipa. Na anayeomba amri upande wa pili ukiwa haupo, huku akificha jambo, hunyang’anywa amri hiyo hata kama hoja zake nyingine ni nzuri. Ni afadhali aliseme deni mwenyewe, na ajitolee kuziweka pesa mahakamani.

Amri ya upande mmoja, kwa mujibu wa Amri ya 40 ya Kanuni za Mwenendo wa Kesi za Madai za 2010, haizidi siku 14, na mpinzani apelekewe nyaraka ndani ya siku tatu, la sivyo inakufa yenyewe. Zuio linalotolewa baada ya pande zote kusikilizwa nalo hukoma kesi isipoamuliwa ndani ya miezi 12, isipokuwa mahakama ielezwe sababu ya kutosha. Anayepata zuio akalala atazinduliwa na dalali.

Na kama kufuli limekwisha kubadilishwa? Hapo mama haombi tena mtu azuiwe; anaomba mtu alazimishwe kumfungulia. Mahakama ya Rufani, katika kesi ya Kenya Breweries dhidi ya Washington Okeyo ya 2002, ilisema amri ya namna hiyo hutolewa kabla ya hukumu kwa hali za pekee tu, kesi ikiwa wazi kabisa. Hati zilezile ambazo zingemweka dukani siku ya kumi ya ile notisi huenda zisimrudishe ndani siku ya kumi na tano.