Ukiongea kwa Laini Moja, ya Pili Haisikii

Watu wengi wenye simu ya laini mbili wamewahi kulaumiwa bila kosa. Mtu anakupigia anaambiwa namba haipatikani, naye anaamini umezima simu au unamkwepa. Wewe unamhakikishia kwamba simu ilikuwa mkononi, chaji ipo na minara imejaa, na yote hayo ni kweli. Ulikuwa unaongea kwa laini nyingine tu. Hata ukifungua orodha ya simu zilizopigwa ili umwonyeshe, hukuti alama yoyote kwamba alikutafuta.

Wengi hudhani ni mtandao mbovu au laini imeharibika, wakaenda hata kuibadilisha. Sababu iko ndani ya simu yenyewe. Simu nyingi za laini mbili zina nafasi mbili za kuweka laini lakini zina redio moja tu ya kuwasiliana na minara. Kwenye maelezo ya simu hizo huandikwa `Dual SIM Dual Standby`, au kwa kifupi `DSDS`, maana yake ni kwamba laini zote mbili zinaweza kusubiri kupigiwa kwa wakati mmoja. Kusubiri kwa pamoja zinaweza. Kuongea kwa moja huku nyingine ikiendelea kusubiri, haziwezi.

Kusubiri ni kazi nyepesi kuliko inavyodhaniwa. Simu iliyotulia mfukoni haiwasiliani na mnara muda wote, kwa sababu ikifanya hivyo betri itaisha mapema. Mtandao huipangia zamu. Kwenye mtandao wa 4G, kwa mfano, ni kawaida simu kuamka kila baada ya sekunde 1.28, ikasikiliza kwa kitambo kifupi sana kama inaitwa, kisha ikalala tena. Kati ya zamu moja na nyingine redio haina kazi, na mwanya huo ndio unaotumika kwenda kusikiliza mnara wa laini ya pili. Ni kama mlinzi mmoja mwenye mageti mawili: maadamu hakuna mgeni, anazunguka huku na huku na hakuna anayebaini kwamba yuko peke yake.

Ukianza kuongea, mambo yanabadilika. Sauti yako hukatwa vipande vidogo vya sekunde 0.02 kila kimoja, navyo hutumwa mfululizo wakati vya mwenzako vikipokewa. Redio inashikiliwa na laini ya kwanza tangu mnapoanza hadi mtakapokata. Mtu anaweza kuuliza kwa nini isichomoke mara moja tu ikasikilize laini ya pili na kurudi. Kusikia mwito hakutoshi. Ili simu ilie, ni lazima kwanza ijibu mnara, ijitambulishe, ihakikiwe na kupewa njia ya mawasiliano. Muda huo wote redio ingekuwa kwenye laini ya pili, na mazungumzo ya laini ya kwanza yangekatika.

Kuweka redio mbili kamili kunawezekana, lakini kuna gharama yake. Vipuri vinaongezeka, betri inaliwa zaidi, na redio mbili zilizobanana ndani ya kifaa kimoja zinasumbuana. Simu ya GSM kwenye masafa ya 900 inaweza kurusha kwa nguvu inayofika wati 2, wakati ishara inayotoka kwenye mnara hufika kwenye simu ikiwa dhaifu mno, sehemu ndogo isiyofikia hata milioni moja ya wati. Redio inayorusha inaweza kuiziba masikio ile ya pili inayojaribu kusikiliza. Simu zenye uwezo huo zipo, nazo huandikwa `Dual SIM Dual Active` au `DSDA`, ila ni chache na kwa kawaida si za bei ya chini.

Sasa tuangalie upande wa mtandao, maana huko ndiko yanakotokea malalamiko. Tuchukue fundi wa mafriji wa Mwanza. Laini yake ya kwanza ndiyo anayoiwekea bando la dakika, kwa hiyo ndiyo anayopigia watu. Laini ya pili, ya mtandao mwingine, ndiyo aliyoichora kwenye mlango wa karakana ili wateja wampigie. Saa nne asubuhi anampigia muuza vipuri kwa laini ya kwanza na wanaongea dakika kumi na mbili. Saa nne na dakika tatu, mwenye bucha ambaye friji lake limezima anapiga namba ya mlangoni.

Mtandao wa laini ya pili unaangalia kumbukumbu zake. Zinaonyesha laini hiyo iko hewani na mara ya mwisho ilionekana katika eneo fulani la mji. Unaiagiza minara ya eneo hilo iite. Minara inaita, simu haijibu. Inasubiri sekunde chache, inaita tena, kimya. Mwishowe mtandao unahitimisha kwamba simu haifikiki, na mwenye bucha anasikia tangazo kuwa namba haipatikani. Mtandao huo hauna njia ya kujua kwamba fundi anaongea, kwa sababu mazungumzo yake yanapita kwenye kampuni nyingine kabisa. Ndiyo maana haumwambii mteja kwamba namba inatumika. Simu ya fundi nayo haikusikia mwito wowote, kwa hiyo haina cha kuandika kwenye orodha.

Hapo anayepiga anaweza kupata fununu akiwa makini. Simu ikizimwa kwa utaratibu wake, kabla ya kuzimika huuarifu mtandao kwamba inaondoka, na anayepiga huambiwa haipatikani karibu papo hapo. Simu iliyo katika mazungumzo ya laini nyingine haikuaga. Mtandao unalazimika kuitafuta kwanza, kwa hiyo mpigaji husikia ukimya wa sekunde kadhaa kabla ya tangazo. Ukimya huo pekee si ushahidi kamili, kwani aliyeingia mahali pasipo na mtandao, au ambaye simu yake imechomolewa betri ghafla, hutafutwa vivyo hivyo. Lakini unatosha kumfanya mtu ajaribu tena baada ya dakika chache badala ya kukata tamaa.

Ujumbe mfupi hauna hatari hiyo, kwani ukishindikana kufika huhifadhiwa kwenye kituo cha mtandao na kutumwa tena baadaye. Kwa hiyo ujumbe wa kuthibitisha kwamba umepokea pesa unaweza kuchelewa mpaka umalize kuongea, na pesa yenyewe isiwe imepotea. Tofauti ni ombi la malipo linalotokea kwenye kioo likikutaka uweke namba ya siri. Hilo halisubiri. Likitumwa kwenye laini ya pili wakati unaongea kwa ya kwanza, muda wake unaisha na muuzaji anaona malipo yameshindikana. Dawa ni kukata simu kwanza, kisha kumwomba alitume upya.

Kama unataka kuhakikisha hali ya simu yako, unahitaji simu nyingine mbili. Moja ipige laini yako ya kwanza, nawe upokee. Mkiwa bado mnaongea, ya pili ipige laini yako nyingine. Ikisikia haipatikani, kisha ikikata na kupiga tena baada ya wewe kumaliza ikaita vizuri, umepata jibu: laini ni nzima, mtandao ni mzima, na simu yako ina redio moja.

Baadhi ya simu mpya zina njia ya kuzunguka tatizo hili kwa kutumia intaneti. Ukiwa unaongea kwa laini ya kwanza, simu ya laini ya pili huletwa kupitia data ya laini hiyohiyo ya kwanza. Kwenye iPhone huwashwa kwa kitufe cha `Allow Cellular Data Switching`, na baadhi ya simu za Android zina mpangilio unaofanana na huo. Sharti lake ni kwamba mtandao wa laini ya pili uwe unaruhusu kupiga simu kwa intaneti, yaani `Wi-Fi Calling`. Usiporuhusu, mpangilio huo hautasaidia.

Kwa walio wengi, njia inayofaa ni kuuambia mtandao wenyewe wa laini ya pili nini cha kufanya usipokupata. Ukiwa kwenye laini ya pili, piga alama hizi, ukiweka namba ya laini ya kwanza mahali palipoandikwa NAMBA. Alama za kuangalia kama imekubali, na za kufuta, ziko chini yake:

```
**62*NAMBA#
*#62#
##62#
```

Lakini kazi haiishii hapo. Simu ya mwenye bucha itaelekezwa kwenye laini ya kwanza, nayo tayari ina mtu. Isipokuwa na huduma ya simu inayosubiri, mteja atakutana na mlio wa kwamba inatumika. Kwa hiyo kwenye laini ya kwanza piga `*43#`, ili mtu wa pili anapoingia usikie mlio mdogo sikioni na uone namba yake kwenye kioo. Kumbuka pia kwamba kipande cha safari kutoka laini ya pili hadi ya kwanza kwa kawaida hulipiwa na mwenye laini ya pili, kwa kiwango cha kupiga mtandao mwingine. Laini isipokuwa na salio, simu inaweza isielekezwe. Baadhi ya mitandao haitoi huduma hii kwa laini za malipo ya kabla, na kama ni hivyo, `**62*` itarudisha ujumbe wa kukataliwa.

Kuna hatua nyingine isiyo na gharama ya mpangilio wowote, nayo wengi tunaifanya kinyume. Tunaitangaza laini moja kwa wateja, kisha tunafanya mazungumzo yetu yote marefu kwa ile nyingine kwa sababu ndiyo yenye bando. Kila dakika ya bando hilo ni dakika ambayo laini ya wateja haisikii. Fanya mazungumzo marefu kwa laini ileile ambayo hutaki watu waikose, ukiwa umeiwashia simu inayosubiri. Atakayepiga namba hiyo atakupata au angalau ataacha namba yake kwenye kioo, na itakayokosekana itakuwa ile ambayo hakuna anayeitegemea. Huenda ukalipa zaidi kwa bando. Linganisha nyongeza hiyo na thamani ya kazi moja iliyokwenda kwa fundi mwingine, kisha uamue ni laini ipi unayoweza kuiacha kiziwi kwa dakika kumi na mbili.