Maji ya Bomba la Mwisho

Kila kiangazi kinapokaribia, mgao wa maji unapoanza kubana, barua pepe za aina moja huwafikia mameneja wa hoteli na makatibu wa hospitali. Juu imeandikwa kwa herufi kubwa: YAH: UHAKIKA WA MAJI SAFI NA SALAMA. Msambazaji anajitambulisha, kisha anataja bidhaa zake: matangi ya lita 5,000 na 10,000, mtambo wa kuondoa chumvi, vichujio vya mkaa, taa ya mionzi ya urujuanimno inayoua vijidudu. Mwishoni ameambatanisha cheti cha maabara kinachoonyesha kwamba maji yanayotoka kwenye mtambo wake hayana bakteria hata mmoja.

Nimefanya kazi ya mifumo ya maji kwa miaka mingi, na naweza kusema kwamba mengi yaliyomo kwenye barua hizo ni kweli. Mtambo unaondoa chumvi, taa inaua vijidudu, na cheti si cha kughushi. Ila maji yale yalichotwa mdomoni mwa mtambo. Mgonjwa hanywi hapo, wala mgeni wa hoteli haogi hapo. Kati ya mtambo na bomba la chumbani kuna tangi, kuna paa lenye jua, kuna mita nyingi za mabomba, na pengine siku nne au tano za kusubiri. Humo ndimo maji safi yanamochafuka.

Kinachoyalinda maji yakiwa safarini ni klorini iliyosalia ndani yake. Mamlaka za maji hutia klorini nyingi kidogo kuliko inayohitajika kuua vijidudu vya siku ile, ili ibaki akiba ya kupambana na vitakavyoingia njiani. Shirika la Afya Duniani linaelekeza kwamba dakika 30 baada ya kutia dawa, maji yawe na walau miligramu 0.5 za klorini kwa kila lita, na yakimfikia mtumiaji zisipungue 0.2. Ni kiasi kidogo mno, lakini kikiwapo, kijidudu kinachoangukia tangini hakipati nafasi ya kuzaana.

Sasa tazama mtambo unavyofanya kazi. Klorini huharibu ngozi laini zinazochuja chumvi, kwa hiyo mbele yake hufungwa kichujio cha mkaa kinachoinyonya klorini yote. Taa ya urujuanimno nayo huua vijidudu vinavyopita mbele yake kwa sekunde ile tu, na haiachi dawa yoyote majini. Matokeo yake ni kwamba maji yanayotoka hapo ni masafi kuliko yote katika jengo, na ndiyo yasiyo na ulinzi kuliko yote. Ukiyapeleka tangini hivyo hivyo, umeyaacha mlango wazi.

Hili nililiona kwa macho katika hoteli moja ya Dar es Salaam yenye vyumba 40. Meneja wake, mama makini sana, alinipigia simu akinieleza kwamba amefunga mtambo mpya, amelipa fedha nyingi, na bado wageni wanalalamika maji ya kuogea yana harufu ya tope. Kulikuwa na tangi la zege la lita 50,000 chini ya ardhi, lililopokea maji ya mgao na ya kisima kirefu. Pampu iliyavuta na kuyapitisha kwenye mtambo, kisha yakapanda kwenye matangi manne ya plastiki juu ya paa, kila moja la lita 5,000.

Kipimo cha klorini hakihitaji maabara. Unajaza maji kwenye kichupa kidogo, unatia kidonge cha DPD namba 1, unatikisa. Klorini ikiwamo, maji hugeuka rangi ya waridi, na kadiri waridi inavyokolea ndivyo klorini ilivyo nyingi. Unalinganisha na rangi zilizochapwa pembeni, unasoma namba. Kazi nzima haizidi dakika mbili.

Tulianza pale maji ya mgao yanapoingilia: 0.5. Kwenye tangi la chini: 0.1. Baada ya mtambo: sifuri, kama nilivyotarajia. Tukapanda juu ya paa. Mfuniko wa tangi la tatu ulikuwa umepasuka, na pembeni mwa ufa kulikuwa na kinyesi cha ndege kilichokauka. Nilipoingiza mkono na kupapasa ukuta wa ndani, vidole vilitoka na utando wenye utelezi kama wa samaki. Kipimajoto kilisoma nyuzi 36. Kidonge kilipoyeyuka kwenye kichupa, maji yalibaki meupe vilevile.

“Fundi, si tumefunga mtambo?” meneja akauliza.

“Mtambo ni mzima, mama,” nikamjibu. “Maji yanaharibikia huku juu.”

Sampuli tuliyopeleka maabara kutoka tangi lile ilikutwa na bakteria wa kinyesi. Iliyochotwa mdomoni mwa mtambo siku hiyohiyo haikuwa na kitu.

Kosa la pili lilikuwa la hesabu, na ndilo ninalolikuta karibu kila mahali. Hoteli ile ilitumia wastani wa lita 14,000 kwa siku. Matangi yote kwa pamoja yalibeba lita 70,000, maana yake maji yalikaa humo siku tano kabla ya kutumika. Klorini hupungua kila saa inayopita, na joto huharakisha upungufu huo. Barua pepe ilikuwa imemshauri aongeze matangi mawili zaidi. Angeyaongeza, maji yangekaa muda mrefu zaidi kwenye joto lile. Akiba ni lazima, hasa hospitalini, ambako Shirika la Afya Duniani linakadiria lita 40 hadi 60 kwa siku kwa kila mgonjwa aliyelazwa na lita 100 kwa kila upasuaji, na mgao hauna ahadi. Lakini ukubwa wa tangi upimwe kwa matumizi ya jengo na siku ambazo bomba hukauka, wala usipimwe kwa nafasi iliyopo uani.

Hospitali na hoteli zina sababu nyingine ya kuogopa maji ya uvuguvugu. Mwaka 1976, katika mji wa Filadelfia nchini Marekani, maaskari wastaafu waliokutana hotelini waliugua nimonia ya ajabu, na watu wapatao 30 wakafariki. Bakteria aliyegunduliwa akapewa jina la Legionela. Huyu haambukizi kwa kunywa maji, bali kwa kuvuta pumzi yenye matone madogo kama yale ya bomba la mvua. Hustawi kwenye maji yaliyotulia yenye joto la kati ya nyuzi 25 na 45, na utando ule wa utelezi ndio makao yake. Ndiyo maana maji ya moto huhifadhiwa kwenye nyuzi 60, na vyumba visivyo na wageni hufunguliwa mabomba walau mara moja kwa wiki, maji yatiririke dakika kadhaa.

Tukarudi kwenye hoteli yetu. Tuliyafungia matangi ya juu moja baada ya jingine, tukayamwaga, tukayasugua kwa brashi, tukabadilisha mfuniko, na mdomo wa bomba la kufurikia tukauziba kwa wavu wa mbu. Ndipo likaja swali la dawa: klorini kiasi gani? Hakuna jibu moja kwa maji yote, kwa sababu uchafu uliomo hula sehemu ya klorini kabla haijafanya kazi. Njia ya kujua ni ndoo.

Tulichukua klorini ya unga, ile ya asilimia 65 hadi 70, tukapima gramu 15, tukaitia kwenye lita moja ya maji. Unga ndio hutiwa kwenye maji, kamwe maji yasimwagwe juu ya unga. Tukaacha mashapo yatuame, tukamimina maji ya juu yaliyo maangavu. Kila mililita ya dawa hiyo ina takriban miligramu 10 za klorini. Kisha tukapanga ndoo nne za lita 20 zenye maji ya mtambo, tukazitia kwa bomba la sindano mililita 1, 2, 3 na 4. Tukakoroga, tukafunika, tukasubiri nusu saa.

Ndoo ya kwanza ilisoma sifuri, ya pili 0.2, ya tatu 0.5, ya nne 0.9. Tukachagua ya tatu. Mililita 3 kwa lita 20 ni lita moja na nusu ya dawa kwa kila lita 10,000. Kwa kiasi hicho tukaseti pampu ndogo ya dawa baada ya mtambo, kabla maji hayajapanda juu. Boya la tangi la chini tukalishusha lifunge likiwa nusu, ili maji yasikae siku nyingi. Mgao ukitangazwa kukatika, fundi wa zamu hulipandisha tena. Siku ya tatu bomba la chumba cha mwisho ghorofa ya juu lilisoma 0.3. Maji ya msimu mwingine yanaweza kuhitaji dawa zaidi, hasa yakija na tope la mvua, kwa hiyo ndoo zirudiwe.

Kwa hospitali kuna tahadhari moja ambayo sijaikuta kwenye barua pepe yoyote ya biashara. Klorini inayolinda maji ya wodini ni sumu kwenye mashine ya kusafisha damu ya wagonjwa wa figo. Mgonjwa mmoja, kwa kikao cha saa nne, damu yake hukutana na takriban lita 120 za maji, na klorini ikipenya huvunja chembe nyekundu za damu. Kwa hiyo maji ya mashine hizo yawe na njia yake, yenye vichujio vyake vya mkaa, na klorini ipimwe hapo kabla ya kila zamu: jumla yake isizidi 0.1. Msambazaji anayependekeza mfumo mmoja kwa hospitali nzima hajaijua hospitali.

Meneja, barua hiyo ikikufikia usiifute, kwani mtambo na tangi huenda kweli unavihitaji. Mjibu umuulize mambo matatu: maji yatakaa tangini siku ngapi kwa matumizi yako, klorini itarudishwa wapi baada ya mtambo, na itasoma ngapi kwenye bomba lililo mbali kuliko yote. Akija kukabidhi kazi, panda naye hadi kwenye bomba hilo, mkiwa na kichupa na kidonge, na usisaini mpaka maji yamegeuka waridi mbele yako.